Kilo za Maji

Nyiraneza alikaa kitandani, katika wodi ya hospitali moja mjini Gisenyi, na mke wa mwanawe, Ritah, ndiye aliyemjibia kila swali.

"Anakula vizuri. Ona, kilo zimepanda."

Tuyisenge, mtaalamu wa lishe, hakubisha. Aligusa panda za uso wa Nyiraneza, kando ya macho, zilizobonyea, mfupa wa mtulinga uliochomoza, bonde kati ya gumba na shahada. Alibana ngozi nyuma ya mkono, vidole vyake vikakaribia kukutana. Kisha akabonyeza mguu uliovimba, shimo likabaki.

"Kilo hizi ni maji. Nyama imeisha."

Fizi zilitoka damu, na vinywele vya miguuni vilikuwa vimejisokota, dalili za kukosa vitamini C.

"Mama, mboga na matunda ulikula lini mwisho?"

Nyiraneza alimtazama Ritah. Tuyisenge akamwomba Ritah atoke nje.

"Mi wananifungia mu chumba," Nyiraneza akanong'ona. "Bugali mukavu, mara moja ku siku. Usimuambie! Nitarudi wapi?"

"Leo haurudi. Ntaongea na daktari na afisa ustawi."

Mlango ukafunguka. Ritah alikuwa ameshabeba mfuko wa nguo.

"Twende."

Nyiraneza alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Tuyisenge akasimama kati yao.