Aya ya Pili ya Barua ya Shangazi

Shangazi yangu alifika dukani kwangu Jumanne asubuhi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, akaniwekea mezani karatasi tano alizoziandika kwa mkono pande zote mbili.

"Nichapie barua hii, mwanangu," akasema. "Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa."

Mimi kazi yangu ni hiyo. Nina kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi na mashine ya fotokopi, na kwa miaka sita nimechapa barua za madereva, walimu, walinzi na wahasibu. Watu huniita Kidole kwa sababu ya kasi. Ukinipa jina lako na kazi unayoomba, barua iko tayari kabla hujamaliza kutafuta pa kukaa. Nilikuwa najisifu kwa hilo.

Shangazi alikuwa mtakasa vifaa hospitalini. Mikasi, koleo na visu vya upasuaji vikishatumika huletwa kwake, huoshwa, hufungwa kwenye vifurushi vya kitambaa, kisha huingizwa kwenye mashine kubwa ya mvuke inayoua vijidudu. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na saba, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Sasa hospitali mpya ya upande wa pili wa mji ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba kama hicho. Tangazo alikuwa amelikata gazetini kwa wembe, limenyooka kama rula.

Nilisoma zile karatasi tano. Zilianza na mwaka aliozaliwa. Zikapita shule ya msingi, zikataja alama za hesabu, zikaeleza kifo cha mjomba (mumewe tulizoea kumwita hivyo), zikataja idadi ya watoto, kisha ukurasa wa nne zikaomba waheshimiwa wamwonee huruma yeye mjane. Mashine ya mvuke ilitajwa mara moja.

"Shangazi, haya mengine ni ya kwenye wasifu," nikamwambia.

"Na wasifu ni nini kama si barua iliyokatwa vipande?"

Nilicheka. Nikafanya kama ninavyofanya kila siku. Nikajaza wasifu: kazi, miaka, shule, mafunzo. Kisha nikachukua barua yangu ya kawaida, nikabadilisha cheo na anwani, na katikati nikaweka yaleyale ya kwenye wasifu, sasa yakiwa sentensi: nilisoma pale, nilianza kazi mwaka ule, nilihudhuria mafunzo ya wiki tatu. Nikamsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni nzuri," akasema taratibu. "Ila huyo mtu simjui."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikalivuta tangazo karibu na kulisoma tena, safari hii kama mtu anayetafuta kitu. Barua isizidi ukurasa mmoja, wasifu usizidi kurasa mbili. Mwombaji awe na uzoefu wa miaka mitano, na awe na uwezo wa kulinda ubora wa kazi na kufanya uamuzi bila kusimamiwa. Miaka mitano ilikuwa kwenye wasifu, wazi kabisa. Asomaye angehesabu mwenyewe. Lakini huo uwezo wa kuamua haukuwa popote. Hauna tarehe wala cheti. Nikafahamu kwamba barua yangu, pamoja na barua zote nilizochapa miaka sita, zilikuwa zinamwambia msomaji jambo lile lile mara mbili.

"Shangazi," nikauliza, "kuna siku uliamua jambo wewe mwenyewe, hakuna wa kukuambia?"

"Kila siku."

"Nipe moja."

Alikuwa amechukua mfuko wangu wa vitambaa vya kufutia kompyuta na anavikunja, kila kimoja pembe kwa pembe, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure. Akaniambia bila kuacha kukunja.

Siku moja, mwaka wake wa nane kazini, alikuwa anatoa vifurushi kwenye mashine. Mshale wa presha ulikuwa pale unapotakiwa. Tepu ya nje ya kila kifurushi ilikuwa imebadilika rangi kama inavyobadilika ikipigwa na joto. Vifurushi sita vilikuwa vimeshachukuliwa, vinne vya chumba cha upasuaji na viwili vya wodini. Aliposhika cha saba akahisi unyevu kidogo, kama shuka lililoanuliwa mapema.

"Kikitoka kibichi, kuna jambo," akasema. "Nikakifungua. Ndani huwa tunaweka kikaratasi cha kupimia, kinachobadilika rangi pale tu mvuke unapofika katikati. Kilikuwa kimebadilika nusu."

"Ukafanyaje?"

"Nikapiga simu juu, nikasema hakuna kufungua kitu chochote cha mzigo ule uliotoka mashineni pamoja. Daktari wa upasuaji akashuka mwenyewe. Mgonjwa alikuwa bado hajalazwa usingizi, lakini ratiba ilikuwa imejaa. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mtakasa vifaa, na vifaa hivyo sijavitakasa."

Nilikuwa nimeacha kuchapa.

"Alifoka?"

"Alifoka, ndiyo. Nikamfungulia daftari. Kila mzigo huwa naupa namba, naandika kila kifurushi kimeenda wapi na saa ngapi. Vile sita nikaenda kuvirudisha mwenyewe, kimoja kimoja. Hakuna kilichokuwa kimefunguliwa. Na mzigo uliotangulia nao nikaurudisha, maana nisingejua mashine ilianza lini. Fundi alipokuja alikuta mpira wa mlango umepasuka kwa ndani, hewa inaingia. Kwa nje huoni kitu." Akaweka kitambaa cha mwisho juu ya vingine. "Basi. Tukaanza upya kwenye mashine ndogo."

Nimemjua mwanamke huyu tangu ananibeba mgongoni. Alinifundisha kufunga kamba za viatu. Na miaka tisa alikuwa akija kwetu, anakula, anauliza habari za shule, akiwa na siku ile ndani yake, wala haikumpitia akilini kwamba ni jambo la kusimulia. Nilimwangalia mikono. Nilijihisi kama mtu aliyeishi karibu na mlima, anauegemea tu, hajawahi kuinua kichwa aone unakoishia.

Nikaandika aya ya siku ile. Nikamsomea: *Niliokoa maisha ya watu sita.*

"Futa," akasema.

"Lakini Shangazi—"

"Sijui kama niliokoa mtu. Hakuna anayejua. Nilizuia vifaa. Andika nilichofanya." Akasogeza kiti karibu. "Na daktari usimtaje kwa ubaya. Na wagonjwa usiwataje kabisa, hata ugonjwa wao. Hayo si yangu kuyaandika."

Hapo tukabadilishana nafasi, yeye ndiye akawa mwandishi na mimi kidole chake. Aya ya kwanza ilitaja kazi anayoomba na alikoiona. Aya ya pili ikawa siku ile, sentensi tano: alichoona, alichopima, alichozuia, alivyovifuatilia vifurushi kwa daftari, fundi alichokikuta. Ya tatu ilisema kwamba hospitali mpya inaanza na mashine mbili na wafanyakazi wapya, na yeye angependa waanze na desturi hiyo ya daftari siku ya kwanza. Ikaishia hapo, nusu ukurasa na kidogo.

Mengine yote yakahamia kwenye wasifu: miaka, aina za mashine alizoziendesha, vifurushi kama sitini kwa siku, mafunzo ya wiki tatu, wasaidizi wanne aliowafundisha. Alama za hesabu tuliziacha. Habari za ujane na watoto tukaziacha pia, ingawa hapo tulivutana.

"Wataona nilikaa miaka miwili bila kazi," akasema. "Nilikuwa namuuguza mjomba wako. Nisipoeleza kwenye barua, watadhani nilifukuzwa."

"Pengo ni la tarehe, Shangazi. Liweke penye tarehe." Nikachapa mstari mmoja kwenye wasifu, mahali pake kati ya kazi yake ya zamani na hii ya hospitalini: *Kumuuguza mwanafamilia*, na miaka yake.

Aliuangalia mstari ule kwa muda mrefu. Miaka miwili ya kumgeuza mtu kitandani, kumlisha, kumzika, sasa maneno mawili. Nilidhani atalia. "Inatosha," akasema. "Wasioulizia hawahitaji zaidi, na watakaoulizia nitawajibu."

Ikabaki sehemu ya wadhamini, watu watakaoulizwa habari zake. Akataja muuguzi mkuu wa zamani, kisha akataja yule daktari wa upasuaji. Nilidhani anatania.

"Aliyekufokea?"

"Anaijua kazi yangu kuliko wote. Mpigie, tuombe ruhusa. Huwezi kuweka jina la mtu bila kumwambia."

Namba alikuwa nayo kwenye kijitabu. Daktari alikuwa ameshastaafu. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu. Nikaweka simu mezani ili wote tusikie, nikajieleza, nikamwambia pia kwamba barua inataja siku ile.

"Yule mama wa daftari," akasema. "Yuko hapo?"

"Nipo, daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Mama, siku ile nilikufokea mbele ya watu, kisha nikaja kukuomba radhi faraghani. Hesabu hizo hazilingani. Weka jina langu. Na ukitaka, waambie nilifoka."

"Hilo halihitajiki kwenye barua," Shangazi akajibu.

"Basi nitawaambia mimi wakipiga."

Baada ya simu nikabonyeza kuchapisha. Printa ikatoa kurasa tatu, barua ukurasa mmoja na wasifu kurasa mbili, na kwa mara ya kwanza haikukwama. Shangazi akatia sahihi polepole, herufi kwa herufi.

Wiki mbili baadaye aliitwa kwenye usaili. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la korido. Walioingia kabla yake walitoka baada ya dakika kumi na tano. Yeye alikaa karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa mtulivu, anatafuta kipochi cha miwani.

"Wamekuuliza nini?"

"Wasifu waliugusa mara moja tu, kuhakikisha miaka. Na pale penye pengo, matroni wao akaniuliza kama mgonjwa wangu alipona. Nikamwambia hapana. Akainamisha kichwa." Akakaa kando yangu. "Halafu wakaishika barua. Kikaratasi kinasomwaje, kwa nini nilirudisha mzigo uliotangulia, kama mpasuko hauonekani ningewafundishaje wasichana wa kazi kuhisi unyevu kwa mkono. Mwanangu, watu watano wazima, wenye digrii, walikaa kimya wananisikiliza nikieleza unyevu wa kitambaa."

Alisema hayo kwa mshangao mtupu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Niliushika mkono wake. Ulikuwa mkavu, wenye ngozi ngumu penye vidole.

Kazi aliipata. Mimi ile barua yangu ya kawaida niliifuta kwenye kompyuta zote mbili siku hiyohiyo. Sasa mteja akija namkalisha, namwomba anisomee tangazo kwa sauti, na barua zangu zinachukua nusu siku. Jina la Kidole bado wananiita, ila sasa wanacheka wakiliita.