Ukuta wa Kichwani pa Kitanda

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Kule kwenye kazi ya barabara wenzangu waliniita Pilipili, na nilikuwa ninaitika. Lakini barua ile niliiandika kwa adabu zote, na herufi zimenyooka kama nilivyofundishwa shuleni Uwemba.

"Kwa Mzee Efraimu, Makambako. Salamu sana. Mimi Laurenti niliyepanga chumba chako cha pili naomba unirudishie amana yangu ya shilingi thelathini, ambayo stakabadhi yake ninayo. Notisi ya mwezi mmoja nilikupa kwa maandishi, tarehe mosi Mei 1954. Kodi nimemaliza. Siku ya kuhama nilikukabidhi ufunguo mkononi. Mlango mzima, dirisha zima, sakafu imesiribwa upya, na kuta ni safi kama nilivyozikuta."

Fedha ile haikuwa ya kunywea pombe. Mwezi wa Aprili, katika chumba hicho hicho, surua ilimchukua binti yetu Letisia, wa miaka mitatu, mtoto wetu wa pekee. Tulimleta kumzika kwetu, karibu na misheni ya Uwemba, na juu yake tuliweka kijiti tu. Fundi wa Njombe alitaka shilingi thelathini kutengeneza msalaba wa saruji wenye jina. Mchwa walikuwa wanakila kijiti kile, na mke wangu Fidelia alikuwa anakwenda kukitazama kila asubuhi. Niambie, ungelala?

Jibu la Mzee Efraimu likaja na dereva wa lori. Alikiri yote: notisi, kodi, ufunguo. "Ila ukuta mmoja, wa kichwani pa kitanda, una doa la udongo mwekundu. Stakabadhi yasema kuta zirudi nyeupe. Paka chokaa, uchukue amana yako yote."

Lo, nilivyofura! Doa gani? Fidelia alikuwa ametundika kanga pale tangu Machi, na siku ya kuhama mimi nilikuwa nje napakia mizigo. Nikaona ni ujanja wa wenye nyumba, na barua nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Amesemaje, Baba Letisia?" Fidelia aliuliza. Yeye hakujua kusoma.

"Maneno yake ya kizee tu. Nakwenda Makambako kesho, nitamaliza mwenyewe."

"Nichukue na mimi."

"Nauli ya nini ya watu wawili? Kaa!" Nilifoka, Mungu anisamehe.

Kesho yake nilinunua chokaa, nikapanda lori. Mzee Efraimu alinipokea vizuri, akanisalimu, "Kamwene, mwanangu, pole na msiba," akanifungulia. Kweli doa lilikuwapo, kimo cha kiuno changu, jekundu, limekauka. Nikasema moyoni, kumbe mzee hasemi uongo. Sikuinama hata kulitazama. Nilipaka mara moja, likaonekana kwa mbali. Nikapaka mara ya pili, likapotea kabisa. Mzee akakagua, akanihesabia shilingi thelathini, nikatia sahihi nyuma ya stakabadhi. Haki ya Mungu, nilirudi naimba juu ya lori.

"Mama Letisia, msalaba tumepata!" Nikamwekea fedha mapajani. "Na chumba nimekiacha cheupe pe."

Fidelia hakuzigusa. "Umepaka chokaa? Hata ukuta wa kichwani pa kitanda?"

"Hasa huo. Ndio mzee alioupigia kelele, sijui doa gani la udongo."

Kisha akasema polepole, "Ni mkono wake. Siku moja mwezi wa Machi, ninasiriba sakafu, alichovya kiganja kwenye udongo, akakibandika ukutani, akacheka. Nikamwambia, nyamaza, baba yako akiona atafoka. Ndipo nikatundika kanga. Ndiyo maana nilitaka twende wote, nikauone tena mara moja kabla mwenye nyumba hajaufuta."

Hasira hasara, wazee walisema, na mimi nilikuwa nikiwacheka. Picha ya Letisia hatukuwa nayo. Nani wa kutupiga picha sisi? Kitu alichokiacha duniani kwa mkono wake kilikuwa kile tu, nami nimekifuta mara mbili kwa bidii, na kulipwa nikalipwa. Laiti ningemsomea barua! Mistari minne tu.

Nilipiga magoti mbele yake, kucha zangu bado zina chokaa. "Mkono wake ulikuwa mdogo kiasi gani, Mama Letisia? Nionyeshe. Nitamwambia fundi auchore kwenye saruji."

Akafungua kiganja chake, akachora juu yake kwa kidole. "Hivi," akasema. Akatazama, akatikisa kichwa, akachora tena, mdogo zaidi. "La. Hivi." Akachora mara ya tatu, kidole kikasimama katikati, akaniangalia usoni.

"Laurenti," akasema, "sikumbuki."