Lita Nane Bado

Mkataba ulikuwa mezani, kalamu juu yake, na Kipyegon alikuwa akimkanyaga dada yake mguu chini ya meza ili atie sahihi. Jelagat aliuvuta mguu wake. Angekanyagwa hadi jioni, sahihi hangetia.

Mzee Wepukhulu, mwenye jengo, alitabasamu kama mtu aliyekwisha kula hela. Chumba kilikuwa kizuri, hilo hakuna aliyebisha: mbele ya soko la Bungoma, kona ya bodaboda. Kodi elfu ishirini na tano kwa mwezi, ya miezi mitatu mbele. Halafu gudwili, yaani pesa ya kupewa tu nafasi, laki moja na nusu, isiyorudi hata mbingu zianguke.

"Mama, kuna mtu wa viatu anaitaka," Wepukhulu alisema. "Mimi nimewaheshimu tu."

"Si tulikuja kufungua bransi ya duka?" Kipyegon aliuliza. "Ama ulikuja kupiga picha?"

Jelagat alifungua daftari lake la shule. Duka la Kitale la mursik, maziwa ya kuganda ya vibuyu yanayotiwa masizi ya mti, lilikuwa lao wawili, lakini vibuyu, masizi na wakulima wa kule Kwanza waliomletea maziwa, yote yalikuwa shingoni mwake. Akiba yao ilikuwa laki nne na themanini elfu. Kodi, gudwili, friji, rafu na leseni vilimeza laki tatu na arobaini na tano. Kilichobaki ndicho kilichowalipa wakulima kila baada ya wiki mbili. Bungoma ikiyumba, Kitale ingefungwa.

"Wiki ya kwanza tuliuza lita sabini kwa siku!" Kipyegon alimwambia mzee, akijigamba.

Na kweli waliuza. Ili kujaribu soko, Jelagat alikuwa ameweka vibuyu kwenye friji ya Phelista, mwenye duka la mboga pale pale sokoni, amlipe shilingi kumi kwa kila lita. Kipyegon alishangilia, akampa Wepukhulu mkono wa kukubali chumba wiki iyo hiyo bila kumuuliza dada yake. Lakini Jelagat alikuwa na tabia iliyowachosha wateja: kila aliyenunua alimuuliza jina, anatoka wapi na atarudi lini, akaandika.

"Soma majibu," alimwambia kaka yake sasa, akimsukumia daftari. "Iten. Kapsabet. Iten. Eldoret. Hao ni watu wa michezo ya shule. Walikuja na mabasi, wakaenda na mabasi. Wiki ya pili tuliuza lita kumi na nane kwa siku."

Tabasamu la Wepukhulu lilipungua kidogo.

"Ati kumi na nane?" Kipyegon aliuliza. "Watu wa huku walisema iko tamu!"

"Walisema. Hawakurudi." Ilimuuma kukumbuka siku ile Phelista alipomvuta pembeni, akamnong'oneza: "Dada, usikasirike. Watu wanauliza, mbona maziwa yenu iko na mafumbi?" Ati vumbi! Masizi ya mti ambayo bibi yake alichagua kwa kunusa! Jelagat alikasirika njia nzima hadi Kitale. Wiki iliyofuata alileta maziwa lala meupe, bila masizi, na mursik kidogo kando kwa wanaoipenda. Wiki hiyo lita thelathini na moja kwa siku. Iliyofuata, arobaini na nne, na majina yalikuwa yale yale yakirudi.

"Basi si imekubali?" Kipyegon alisema.

"Bado. Hapa kodi, mtu wa kuuza, stima na gari ni elfu hamsini na nne kwa mwezi. Lita moja inatuachia arobaini. Piga mwenyewe. Tusipouza lita hamsini na mbili kila siku ya kazi, tunakula mtaji. Tuko arobaini na nne. Lita nane bado."

"Biashara ni roho, si hesabu," Wepukhulu alisema. "Mwanamke akiogopa..."

"Siogopi, Mzee. Nakataa." Jelagat alifunga daftari. "Zikipita hamsini na mbili miezi miwili mfululizo, nitakuja. Mtu wa viatu mpe."

Njiani Kipyegon alikaa kiti cha mbali naye. Kwao Jelagat aliambiwa ni mgumu, ni mwoga, amemwaibisha kaka yake mbele ya watu. Alikunywa chai yake na Jumatatu akapeleka maziwa kwa Phelista kama kawaida.

Miezi mitatu baadaye simu ililia akiosha vibuyu.

"Mama, ile chumba bado iko," Wepukhulu alisema. "Hiyo gudwili tunaweza ongea."

"Hatutaongea, Mzee. Gudwili ikishaondoka ndipo unipigie."

Kipyegon, aliyekuwa akibeba mikebe, alisimama mlangoni.

"Imeondoka," mzee alisema mwishowe.

"Haya. Sasa tuanze na kodi."

Kipyegon aliweka mikebe chini, akalivuta daftari, akatafuta ukurasa wa jana kwa kidole. Lita hamsini na saba. Akaangalia mwezi wote, na ule uliotangulia: yote miwili ilikuwa imepita hamsini na mbili. Akachukua kalamu, akampa dada yake.