Jino Nisilo Nalo

Yule mama hakuwa kwenye orodha ya miadi. Aliingia Jumatatu saa tatu kasorobo, Daktari hajavaa hata koti lake, akavipita viti vyote vya kusubiria na kuja moja kwa moja kwenye dirisha langu la mapokezi. Alikuwa wa umri wa bibi yangu. Gauni lake lilikuwa la zamani lakini mishono yake ilinyooka kama imepigwa rula. Mikono yote miwili ilishika bahasha ya kaki.

"Wewe mpya," alisema.

"Ndiyo, mama. Nina miezi miwili na nusu."

"Basi wewe bado hujanidanganya. Shika hii."

"Jino linakusumbua, mama? Una miadi?"

"Meno yangu hayana neno. Zinazonisumbua ni karatasi zenu."

Nilitaka kuiweka bahasha kwenye trei ya barua za Meneja, akanizuia kwa kidole. "Isome mbele yangu. Nimeshapiga simu mara tatu, na mara zote tatu nimeambiwa nitapigiwa. Nataka leo nimwone mtu akisoma."

Nikaifungua. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani.

*Kwa Meneja wa Kliniki,*

*YAH: MALIPO YA JINO NISILO NALO*

*Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Mwezi uliopita nilitibiwa kwenu mzizi wa gego la chini, upande wa kushoto, ambalo ninyi mnaliita namba 36. Niliambiwa bei kabla ya kukaa kwenye kiti, na nikaambiwa bei hiyo ni pamoja na kuliziba jino mwishoni. Bili ilipotumwa kwa mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa anatunza michango ya ukoo ya matibabu yangu, ilikuwa na mstari mmoja zaidi: kuziba jino namba 46. Amelipa yote. Mimi nimeuliza nikaambiwa namba 46 ni gego la chini, upande wa kulia. Jino hilo liling'olewa miaka kumi na moja iliyopita. Pale nina pengo. Naomba mnieleze mmeziba nini.*

*Naomba pia nakala ya kumbukumbu zangu.*

Kwenye "mmeziba nini" nilicheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa.

"Cheka tu," alisema. "Kwetu hawacheki. Mtoto wa kaka ameitisha kikao Jumamosi. Anasema shangazi alitaja bei moja kwa ndugu, kisha akaelewana na watu wa kliniki bili ivimbe, tukagawana. Mimi! Nimeshona nguo za shule za nusu ya watoto wa ukoo ule, wengine mpaka leo hawajanilipa, na sijawahi kumkumbusha mtu."

"Pesa yako itarudishwa, mama. Hili ni kosa tu."

"Si yangu, ni yao, mtawarudishia wao. Mimi nataka karatasi. Karatasi inayosema shangazi hakudanganya. Pesa ikirudi bila karatasi watasema nimeogopa nikaitema."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huohuo. Niliamini kwamba kosa likionyeshwa kwa upole, kwa ushahidi, mtu yeyote mwenye akili atalisahihisha. Nikamwambia, na nilimaanisha kila neno: "Ijumaa saa kumi utapata jibu. Kwa maandishi, na sahihi. Nakuahidi."

Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Nakaa nyuma ya soko la vitumbua, nyumba yenye cherehani barazani. Ukishindwa kuja, usinipigie simu."

* * *

Mchana nilimkuta Dada Glavu kwenye chumba cha kuchemshia vifaa, akipanga koleo kwenye trei. Ndiye msaidizi wa Daktari. Jina lile alipewa kwa sababu hata chai hunywa na glavu mkononi. Nilimweleza, akaacha kupanga.

"Mungu wangu. Siku ile Daktari alimaliza mzizi, akaziba, akaniambia ingiza kuziba, sita ya chini kushoto. Mimi nikabofya kushoto."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kushoto kwa skrini, mdogo wangu. Mchoro wa meno ni kama mgonjwa anakutazama. Kushoto kwa skrini ni kulia kwake. Nimefanya kazi hii miaka tisa na kila siku najikumbusha. Siku ile tulikuwa na wagonjwa kumi na saba."

Hapo nikaelewa yaliyobaki. Kama angebofya 36, kompyuta ingejua ni jino lilelile la mzizi na isingeongeza kitu. Alipobofya 46, kompyuta ikaona ni kazi nyingine kwenye jino jingine, ikaitoza peke yake. Ilitoza pengo.

"Usinitaje," alisema. "Kosa la kuingiza namba wanakata kwenye mshahara. Nina ada ya muhula mlangoni."

"Sitakutaja."

Nikafungua faili. Picha kubwa ya eksirei, ile inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja, ilikuwepo, ya siku ya kwanza. Chini, upande wa kulia wa mgonjwa, kati ya meno mawili yaliyoinamiana kidogo, palikuwa tupu. Hata mtoto angeona.

Nilikwenda kwa Meneja nikiwa na furaha, kweli, kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Meneja ni kaka wa mke wa Daktari, kwa hiyo kliniki nzima humwita Shemeji, isipokuwa akiwepo. Aliisoma barua, akaitazama picha, akairudisha mezani kwa ncha ya kidole.

"Bili imelipwa?"

"Imelipwa."

"Mwezi umefungwa kwenye hesabu?"

"Umefungwa, lakini..."

"Basi hakuna bili hapa, kuna historia. Mwambie aje tumsafishe meno bure."

"Hataki kusafishwa. Anataka barua."

"Anataka barua." Alicheka puani. "Msomi, nikuulize. Nikiandika kwamba tulitoza jino ambalo halipo, barua ile inakwenda wapi? Leo kwa ukoo, kesho kwa wakaguzi. Tayari tuna lalamiko moja la mwaka jana limelala huko. Unataka niliamshe lipate mwenzake?"

"Lakini ni kweli."

"Ndiyo maana siandiki. Ungekuwa uongo ningekanusha." Akanirudishia barua. "Mjibu kwamba malipo ni sahihi kwa mujibu wa kumbukumbu zetu. Na kumbukumbu zinasema 46. Hapo hujasema uongo."

Nilikaa na sentensi ile siku mbili. Niliiandika, nikaifuta. Ilikuwa imeshonwa vizuri, kila neno mahali pake, na nilijua ikisomwa kikaoni ndiyo itakayommaliza yule mama.

Alhamisi nilimsubiri Daktari anawe mikono. Nilimheshimu sana. Alikuwa mtu wa kumshika mgonjwa bega kabla ya sindano ya ganzi, akihesabu naye mpaka tatu.

"Daktari, yule mama fundi cherehani. Siku ile uliziba meno mangapi?"

"Moja."

"Utaniandikia hivyo?"

Maji yaliendelea kutiririka. "Shemeji ameniambia habari hiyo. Mwanangu, mdomoni mwake nilifanya kazi safi. Jino lile litamzika. Mambo ya karatasi nimemwachia yeye."

"Mistari miwili tu, Daktari. Jumamosi wanamkalia kikao."

Alifunga bomba, akakausha kidole kimoja kimoja. "Una mkataba wa majaribio, siyo? Unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi vumilia mpaka mwisho wa mwezi." Alilisema kwa upole, ule upole wa kabla ya sindano, na safari hii hakuhesabu mpaka tatu.

Nilikwenda chooni nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa bado nampenda kama mzazi.

* * *

Ijumaa baada ya chakula nilichapa nakala ya kumbukumbu za mama yule. Aliziomba kwa maandishi, ni za mwili wake, na kwenye ukuta wa mapokezi yetu kuna tangazo, lenye fremu kabisa, linalosema kila mgonjwa ana haki ya nakala. Nilichapa na picha ya taya. Kisha nikachukua karatasi nyeupe, isiyo na nembo ya kliniki, nikaandika kwa mkono:

*Mimi ni karani wa mapokezi. Nimekagua faili la mama huyu. Alizibwa jino moja, namba 36, ambalo bei yake ilikuwa ndani ya matibabu ya mzizi. Namba 46 iliingizwa kwa makosa ya kliniki. Jino hilo halipo, picha iliyoambatanishwa inaonyesha. Bei aliyowaambia ndugu zake ndiyo aliyoambiwa hapa.*

Niliweka jina langu lote na sahihi. Sikuandika nani alibofya.

Shemeji alinikuta nikitia kwenye bahasha. Hakupandisha sauti. "Ukitoka na hiyo, na wewe umetoka."

"Nilimwahidi saa kumi."

"Ulimwahidi kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yangu, Meneja."

"Haya. Ufunguo wa droo."

Niliuweka juu ya meza. Dada Glavu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha matibabu, barakoa kidevuni. Macho yetu yalikutana, akayashusha. Simlaumu. Ada ni ada. Ila nilipokuwa navuka mlango wa nje nilimsikia akimwita mgonjwa anayefuata, sauti yake imechangamka kupita kiasi, na ilinichoma kuliko maneno ya Shemeji.

Nyumbani mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe anafanya kazi kliniki. Nilipanga njiani namna ya kumwambia. Kila namna ilikuwa mbaya.

Yule mama alikuwa barazani, ameketi nyuma ya cherehani, akitia uzi kwenye sindano. Hakusimama.

"Umechelewa dakika kumi," alisema.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa narudisha ufunguo."

Alielewa, nadhani, maana mkono wake ulisita kwenye uzi. Lakini hakusema neno la pole, nami sikuliomba. Alivaa miwani, akasoma karatasi yangu yote, halafu akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Muhuri?"

"Sina."

"Na Meneja? Na Daktari?"

"Wamekataa."

"Kwa hiyo Meneja kakataa, na Daktari kakataa, na aliyesema ukweli ni binti wa mapokezi." Akavua miwani. "Mtoto wa kaka atasema nimekulipa na wewe."

Nilikuwa nimefikiri karatasi ingemaliza mambo.

Akaiinua picha ya taya kwenye mwanga wa barazani. Alilitafuta pengo kwanza upande wa kulia wa picha, nikamsogezea kidole upande wa pili, nikamweleza kwamba picha ni kama mtu anakutazama. Alipolipata pengo aliingiza kidole chake shavuni, upande wa kulia, akaligusa lile la kweli.

"Hili hawawezi kusema nimelinunua," alisema. "Nitawafungulia mdomo, mmoja mmoja, wachungulie. Mimi, mzee mzima."

Akazikunja karatasi, akazitia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo na chaki, akaisukuma droo kwa goti. Kisha akavuta kigoda kutoka chini ya meza kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Uliahidi Ijumaa, na umekuja."