Kilima Kilichotolewa kwenye Hesabu

Krrak. Kimya kidogo. Krrak.

Alikuwa bado kwenye ngazi aliposikia mashine ya kutoboa karatasi ikitafuna kurasa huko juu, na moyo ukamruka kabla hajajua kwa nini. Kisha akajua. Ripoti ilikuwa inafungwa. Upembuzi yakinifu wa mradi wa maji, kazi ya miezi minane, ulikuwa unafungwa asubuhi hiyo, ilhali sura ya kumi na nne ilikuwa haijatiwa sahihi, na mwenye kutia sahihi hiyo alikuwa yeye na si mwingine.

Pale ofisini walimwita Bi Desimali. Kazi yake ilikuwa kukadiria gharama za miradi, na utani ulikuwa kwamba hata umri wa wanawe anautaja kwa nukta. Miaka kumi na tisa alikuwa ameifanya kazi hiyo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufunga sura yake kabla yeye hajaisoma mara ya mwisho.

Aliingia chumba cha uchapaji bila kubisha hodi. Mchapaji, mzee mmoja mcheshi mwenye vidole vyeusi kwa wino, alimwona uso wake akaacha mpini wa mashine. Akajitetea mapema kwamba yeye anafunga tu, hasomi. Siku akianza kusoma anavyovifunga ataacha kazi. Bi Desimali hakucheka. Alichukua nakala ya juu, bado ina joto, akaifungua sura ya kumi na nne: Msingi wa Makadirio.

Watu wengi huirukia jumla. Wanataka namba moja, wakishaipata wanafunga kitabu. Lakini namba bila msingi wake ni sawa na kununua mbuzi ndani ya gunia. Sura ile ndiyo inayolifungua gunia: inaeleza tumedhani nini, tumeacha nini nje, tumeweka akiba ya dharura kiasi gani na kwa nini, na namba yenyewe inaweza kukosea kwa kiasi gani, juu na chini. Bi Desimali alikuwa ameiandika kwa kurasa kumi na moja. Iliyofungwa ilikuwa na kurasa sita.

Akaanza kusoma amesimama. Alikuwa ameandika kwamba moja ya tano ya mtaro wa bomba itapita kwenye mwamba, na kwamba dhana hiyo imetokana na mashimo matatu tu ya uchunguzi kati ya kumi na mawili yaliyopangwa, yote matatu yakiwa bondeni karibu na barabara, mahali ambapo mtambo wa kuchoronga ulifika bila taabu. Moja ya tano ilikuwapo. Habari ya mashimo matatu haikuwapo. Alikuwa ameandika kwamba bei za pampu ni za makisio, kampuni mbili kwa barua na moja kwa simu. Barua zilikuwapo, simu ilikuwa imegeuka barua. Akiba ya dharura aliyoiweka asilimia kumi na nne ilikuwa imekuwa sita. Upeo wa usahihi, aliouandika kuwa gharama inaweza kushuka kwa asilimia kumi na tano au kupanda kwa ishirini na tano, ulikuwa umekuwa kumi chini na kumi juu, umenyooka kama nywele zilizopigwa pasi.

Halafu akafika kwenye visivyojumuishwa. Orodha ilikuwa imehamishiwa nyuma kabisa, kiambatisho cha mwisho, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Fidia ya ardhi, sawa. Mabadiliko ya thamani ya fedha, sawa. Kupanda kwa bei baada ya tarehe ya makadirio, sawa. Hayo alikuwa ameyaandika mwenyewe. Chini yake palikuwa na mstari ambao hakuuandika: bomba la kupandia, tangi na mabomba ya kusambazia maji kilimani.

Alifunua ukurasa wa kwanza. Ramani ilikuwa palepale, na kilima kimepakwa buluu kama zamani, alama ya mahali maji yatakapofika.

Mpaka hapo alikuwa na hasira. Kuanzia hapo damu ilimchemka.

Meneja wa mradi walimwita Muhtasari, si mbele yake, kwa sababu ripoti zote alizisoma kurasa mbili za mwanzo. Alimkuta ofisini anafunga tai. Muhtasari hakukana kitu. Alimkalisha, akamvisha kilemba cha ukoka, kwamba nchi nzima haina mkadiriaji kama yeye, kisha akamweleza kwa upole kama anayemweleza mgonjwa. Mkopeshaji ameweka kikomo, dola milioni arobaini. Jumla yake yeye ilikuwa arobaini na sita na nukta tatu. Kwa jumla hiyo mradi unakufa leo. Toa kilima, punguza akiba, unapata thelathini na tisa na nukta nne. Mradi unaanza. Na mradi ukishaanza nani atauacha njiani? Pesa zitapatikana tu.

Bi Desimali alimjibu kwamba akiba ya dharura si mafuta ya mwilini ya kupunguzwa kwa mazoezi. Alikaa siku mbili na wahandisi, wakaorodhesha hatari moja moja, kompyuta ikarudia hesabu mara elfu tano, kila mara kwa bahati tofauti, ikatoka kumi na nne. Ukikata namba, mwamba haulainiki. Na upeo wa usahihi hauchaguliwi kama shati. Unatokana na unachokijua. Hawakuchoronga, basi hawajui.

"Mama," Muhtasari alisema, "dada yako si anakaa kilimani kule? Unataka abebe ndoo mpaka azikwe?"

Lilikuwa swali chafu, na uchafu wake ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani. Dada yake wa tumbo moja alikuwa na goti lililovimba, na kila asubuhi alipanda na madumu mawili ya lita ishirini. Lakini bwana huyu alikuwa amemtoa dada huyohuyo kwenye hesabu, akamwacha kwenye picha, kisha anamtumia kama kamba ya kumfungia mdomo.

Aliinuka akasema hatii sahihi. Muhtasari akasema haidhuru, sahihi zitatiwa baadaye, leo ni kuwasilisha tu. Aende, akae, atabasamu.

Alikwenda. Kutabasamu hakutabasamu.

Saa nne walikuwa kwenye ukumbi wa mamlaka ya maji, meza ndefu, chupa za maji zimepangwa kama askari. Ramani ilibandikwa ukutani, kubwa, kilima kikimeremeta. Muhtasari alizungumza vizuri, mtu asimnyime haki yake. Alizungumza mpaka wajumbe wawili wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Mkurugenzi wa mamlaka, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inizwa kwa uzi shingoni, hakutikisa kichwa. Alikuwa akifunua kurasa. Alipomaliza aliuliza jambo moja, kwa sauti ndogo: akiba ya dharura asilimia sita, mmeipataje?

Muhtasari alisema ni uzoefu.

"Uzoefu wa nani?" Mkurugenzi aliuliza. "Jina lililoandikwa hapa ni la huyu mama aliyekaa pembeni yako."

Ndipo Bi Desimali alipoinuka. Alisema sura hiyo ina jina lake lakini si yake. Akaeleza mashimo matatu. Akaeleza kumi na nne. Akasema kwamba thelathini na tisa na nukta nne waliyoandikiwa ni sawasawa na mwisho wa chini kabisa wa upeo wake yeye, yaani bei ya siku ambayo mwamba umekataa kuwapo, pampu zimeshuka bei na mvua imeomba ruhusa kabla ya kunyesha. Na hata kwa bei hiyo ya ndoto, wamenyang'anywa kitu. Akachukua kalamu nene nyeusi ubaoni, akaenda kwenye ramani.

"Hapa mnaona buluu," alisema. "Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili unasema hapa hapana bomba, hapana tangi, hapana kitu. Basi ramani na iseme hivyohivyo." Akakipaka kilima weusi, taratibu, mpaka ukingoni, kalamu ikilia kwenye karatasi.

Wajumbe wote walikuwa wanafunua kutafuta ukurasa ule, na sauti ya kurasa ikajaa ukumbi. Mmoja akaupata, akamwonyesha jirani yake kwa kidole.

Mkurugenzi alimuuliza inahitajika nini. Alijibu kwamba yachorongwe mashimo tisa yaliyobaki, wiki sita, na bei za pampu ziwe za maandishi. Baada ya hapo upeo utafinyika na akiba pengine itapungua, kwa sababu watakuwa wanajua. Ikiwa bado itazidi arobaini, basi wagawe mradi hatua mbili na waseme wazi nani anapata maji lini. Mkurugenzi alivaa miwani, akaandika. Ripoti irudishwe. Kikao kijacho baada ya miezi minne, na kiwe cha wazi, wakazi waalikwe.

Walirudi kwa gari moja mpaka kwenye geti la ofisi. Hapo Muhtasari alimwambia akachukue mkoba wake, apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Hakusema ataitwa lini.

Alipanda kilimani mchana uleule, kwa miguu. Dada yake alikuwa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, kitambaa chenye maji ya moto kikiwa gotini. Bi Desimali alimweleza yote, bila kujipamba. Alitarajia kusifiwa, japo kidogo. Binadamu ni binadamu. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakikamua kitambaa kwa nguvu kama anayekinyonga.

"Kwa hiyo ni wewe uliyetuzuilia maji."

Alijaribu kumweleza kwamba maji hayakuwa yanakuja. Dada akasema bondeni yangekuja, na kutoka bondeni ni nusu ya njia, na nusu ya njia kwa goti hili si kitu kidogo. Mdogo wangu, alisema, nyie wenye kalamu mna anasa ya kuudhika. Sisi tunataka mfereji.

Hilo halikuwamo kwenye hesabu yake, na lilimchoma kuliko maneno yote ya Muhtasari. Akakaa chini kwenye saruji, karibu na ule mguu. Hakubishana tena. Alikuwa na hakika na kila namba aliyoisema ukumbini, na alikuwa na hakika pia kwamba miezi minne ya madumu itapita kwenye goti hilo, siyo lake. Wote wawili walikuwa na hasira, na hasira zao zilikuwa za ukoo mmoja.

Dada alikirudisha kitambaa gotini, akamuuliza, kwa ukali uleule, kama hicho kikao cha wazi kitakuwa kweli, au ni maneno ya mezani. Na wakisomewa, nani atajua kama kilima kimerudishwa au kimefichwa ukurasa mwingine.

"Mimi nitajua," Bi Desimali alisema. "Niwe nina kazi au sina, siku hiyo nitakuja kukuchukua hapa mlangoni. Tutakaa mstari wa mbele, mimi na wewe. Na kabla hawajataja jumla, nitasimama niombe wasome kwa sauti vitu vyote walivyoviacha nje, kimoja kimoja, mpaka wewe useme umesikia. Nakuahidi, dada."