Kisigino cha Bibi

"Mtoto huyu anasikia kuliko wewe," mama mkwe alimwambia karani, kidole chake nusura kipenye dirishani. "Tatizo letu ni huyu mkwe wangu. Kasoma mno."

"Stashahada tu, mama," nikasema.

"Hiyohiyo inatosha kutusumbua."

Karani hakucheka. Alikuwa na barua niliyoiacha hapo zahanati juma lililopita. Alikuwa ameigonga muhuri na kuitia kwenye trei ya watoto wanaochelewa kusema.

"Foleni ya hao ni miezi mitatu," alisema. "Na umeandika mwenyewe: ameacha maneno aliyokuwa nayo."

"Nimeomba apimwe masikio. Soma mpaka chini."

"Barua ni nyingi, mama. Tunasoma juu."

"Umeona?" mama mkwe akadakia. "Wenyewe hawana haraka. Mungu katurudishia mtoto mzima kutoka wodini, wewe unamtafutia kilema. Twende nyumbani."

Mlango wa chumba cha masikio ukafunguka. Muuguzi akachungulia. "Jamani, humu ndani napima usikivu. Ninyi huko nje mnanipima mimi?"

"Afadhali umetoka," mama mkwe akasema. "Nitakupimia mwenyewe, bure."

Akamfungua mwanangu Kamanda mgongoni, akamkalisha sakafuni, akampa funguo achezee. Kisha akazunguka nyuma yake. Nilijua kinachofuata. Nyumbani hufanya hivyo kila akija mgeni: anapiga kisigino mara moja, mtoto anageuka anacheka, mjadala umefungwa. Mume wangu akiona huniambia, "Haya, sasa je?"

Akapiga kisigino.

Kamanda aliendelea na funguo. Bibi akapiga tena, safari hii akiongeza na makofi. Mzee mmoja kwenye benchi aligutuka. Mtoto mwingine akaanza kulia. Kamanda alitia ufunguo mdomoni.

"Anaringa," mama mkwe akasema. "Leo ameamua kuniaibisha."

"Nyumbani sakafu yenu ni ya nini?" muuguzi akauliza.

"Mbao."

"Hapa ni saruji. Haitetemeki."

Mama mkwe alikitazama kiatu chake kama kimemsaliti. Mimi nilimtoa Kamanda ufunguo mdomoni, nikaufuta kwa kanga. Hicho ndicho nilichoweza.

Muuguzi akaichukua barua, akaisoma mpaka chini. Alipofika mstari wa mwisho akamgeukia karani. "Huyu alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Wa namna hii hapangwi foleni. Akitoka wodini tu, anapimwa." Kisha akaniambia, "Siku nyingine, hilo liandike juu kabisa."

"Siku nyingine," nikasema.

Ndani kulikuwa kimya, kuta zimefunikwa sponji. Nilimpakata Kamanda. Kwanza muuguzi alichungulia masikio kwa kurunzi, kisha akapima kama kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Hakukuwa na kitu. Nilitamani yangekuwepo, majimaji yanatibika. Halafu akaingiza kizibo laini sikioni. Mashine inatoa mlio mdogo, akaeleza, na sikio zima huujibu kwa mwangwi hafifu. Mashine inangoja jibu hilo.

Ilingoja. Sikio la kulia, kisha la kushoto. Akarudia yote mawili.

"Hayajibu," alisema. "Hiki ni kipimo cha mchujo, si hukumu. Cha kuthibitisha kiko hospitali kuu. Wanabandika nyaya kichwani mtoto akiwa usingizini. Lakini msichelewe. Baada ya homa ile, mfupa unaweza kuota ndani kabisa ya sikio. Ukijaa, hata kifaa cha kusikia kinachopandikizwa hakipati pa kupita."

Nilingoja nilie. Sikulia. Niliona tu kuwa kamba ya kiatu cha muuguzi imefunguka, nikamwambia.

Akaifunga, akapiga simu. Hospitali kuu wangeweza kumpokea mchana uleule. "Ila asilale njiani. Akilala sasa, kule atakuwa macho na kipimo kitashindikana."

Nje, mama mkwe alikuwa amekaa na mkoba wangu mapajani. Nilimpa Kamanda, nikamweleza yote kwa kifupi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya.

"Tumngoje baba yake atoke kazini," alisema mwishowe. "Mtoto ni wake, aamue."

"Ataamua akitukuta huko."

Nilichukua karatasi ya rufaa kwa karani, nikatoka nayo barabarani, nikasimamisha teksi. Sikuangalia nyuma. Nilipofungua mlango, mama mkwe alikuwa tayari upande wa pili, anapanda na Kamanda.

Hatukufika mbali, macho ya mtoto yakaanza kulegea.

"We Kama—" bibi akaanza kuita, akanyamaza.

Akainama, akampuliza usoni. Kamanda akafumbua macho, akamtazama. Akampuliza tena.