Picha Isiyo ya Juliana

Pale sokoni Mwanjelwa nilisikia akina mama wakisema kuna mwanamke wa Uyole anamtangaza mtoto mzima mtandaoni kuwa mgonjwa, ale hela za watu. Nikasema, "Jamani, mama gani huyo hana hata haya!" Siku tatu neno lile halikunitoka kichwani. Siku ya nne nikaelewa kuwa huyo mwanamke wa Uyole ni mimi.

Binti yangu Juliana ana miaka tisa na ana tundu kwenye moyo. Hospitali ya Dar walitupa tarehe ya upasuaji, tukabaki kutafuta hela. Mpwa wangu Faustin, anayejua simu kuliko sisi wote, akafungua ukurasa wa mchango. Mimi nilimpa sharti moja: asiweke sura ya mtoto wala asitaje ugonjwa. Kwetu Wasukuma wa Usangu, na mimi nililelewa hivyo, ugonjwa wa mtoto hautangazwi. Watu wakishaujua, macho yao yote yanahamia kwa mtoto.

Zikaingia laki nane na arobaini, kisha kimya. Ndipo akanipigia mama Lea wa Kihesa, Iringa, katibu wa umoja wa akina mama wa usharika wao. Wifi yangu anasali huko, ndiye aliyewapelekea ombi letu.

"Njoo, mama Juliana. Njoo na huyo kijana, na karatasi zote."

Karatasi za nini? Kanisani kwetu ukiwa na shida unasimama, unalia kidogo, watu wanatoa. Nani anadai karatasi?

Mama Lea alituwekea chai, akavaa miwani, akausoma ukurasa kwa sauti.

"'Okoa maisha ya mtoto.' Mtoto gani? Anaumwa nini? Anatibiwa wapi?"

Akasogeza ukurasa chini.

"'Tunahitaji milioni kumi na mbili.' Mbona si kumi? Mbona si kumi na tano?"

"Nilizidisha kidogo, hela zisije zikampungukia shangazi," Faustin akasema.

"'Laki mbili na nusu zimetumika kwa maandalizi.' Maandalizi ya nini, baba, ya harusi?"

Faustin akacheka peke yake, akaacha.

"Na hizi taarifa zako tatu. Ya kwanza, Mungu ni mwema. Ya pili, Mungu ni mwema sana. Ya tatu, tuzidi kuomba. Mimi naomba kila siku, lakini nataka kujua mtoto amefika wapi. Halafu hela zinaingia kwenye namba yako wewe. Wewe ni nani kwake? Hapa hamjaandika."

Kisha akanigeuzia simu. Alikuwa ameitafuta mtandaoni picha ya ukurasa wetu, ambao mimi sikuwahi kuufungua: mtoto analia kitandani. Ilikuwepo kwenye kurasa nyingine mbili za nchi za mbali, kila mahali mtoto ana jina jingine.

Nikamgeukia Faustin. "Huyu ni mtoto wa nani?"

"Sijui, shangazi. Ulinikataza ya Juliana. Bila picha watu hawafungui."

Sikujua nimpige yeye au nijipige mimi. Nikaanza hata kumshuku kwa zile laki mbili na nusu. Akatoa risiti mfukoni: kipimo cha moyo, laki moja na ishirini. Chumba cha kulala Dar, elfu thelathini. Laki moja iliyobaki ilikuwa nauli yetu ya kwenda, mimi na Juliana, ila tiketi nilishazitupa mwenyewe.

"Andikeni hivyohivyo, tiketi zimepotea," mama Lea akasema. "Msije mkatengeneza nyingine."

"Lakini mama, sisi si matapeli!"

"Najua sasa, kwa sababu umekaa hapa. Aliyeko Songea atajuaje?"

Tuliandika upya siku ileile. Ugonjwa na hospitali tukavitaja. Tukaweka barua ya daktari, namba ya mgonjwa imefunikwa: upasuaji milioni tisa na laki nne. Nauli na malazi laki sita. Jumla milioni kumi. Hela za upasuaji zilipwe hospitali moja kwa moja, kwa namba yao ya malipo. Juu kabisa tukakiri kuwa picha ya kwanza haikuwa ya Juliana, na anayetaka hela yake arudishiwe. Watatu walitaka, tukarudisha.

"Na sura ya mtoto?" nikauliza.

"Usiweke. Weka yako."

Nikapigwa picha pale mlangoni kwake, nimeshika barua, kilemba kimekaa upande.

Akina mama wa Kihesa walilipa sehemu yao, wengine wakafuata, ila taratibu. Tarehe ya kwanza ilitupita. Wiki tano, tukingoja nyingine, nilikuwa nikiamka usiku kusikiliza kama Juliana anapumua. Amepasuliwa, yuko hai. Kovu lake analificha kama nilivyomfundisha, na sijui kama nilimfundisha vizuri. Hata mmoja wa wale akina mama wa Mwanjelwa, yule aliyeanzisha maneno, alituma elfu mbili. Mpaka leo sielewi nicheke au nilie.

Wewe mama mwenye mgonjwa, usifanye haya:

Usiweke picha ya mtoto wa mtu.
Usiombe "msaada" tu bila kusema wa nini na wapi.
Usitaje kiasi ambacho huna karatasi yake.
Usiandike "maandalizi". Sema kipimo, sema nauli.
Usitupe tiketi.
Usishukuru tu, eleza mgonjwa amefikia wapi.
Usifiche anayepokea hela ni nani kwako.
Usingoje uitwe tapeli ndipo uonyeshe barua ya daktari.